Nilifunga akaunti tangu Machi, mbona kila tarehe 19 bado wananikata hela?

Shangazi shikamoo. Mi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Sakina hapa Arusha, kazi yangu ni kuongoza watalii na pembeni napiga picha za wanyama. Mwaka jana nilijiunga na huduma moja ya mtandaoni ya kuhifadhi na kuhariri picha, dola 9.99 kwa mwezi, nikaweka kadi yangu ya benki. Mwishoni mwa Januari nikaacha kazi kwenye kampuni niliyokuwepo, tuligombana na bosi kuhusu posho za safari na hatukuachana vizuri, hela ikawa ngumu nikaona nipunguze matumizi. Tarehe 10 Machi nikaingia kwenye apu nikasitisha malipo, wakanitumia imeili kwamba usajili wangu umesitishwa, ninayo mpaka leo.

Cha ajabu tarehe 19 Machi wakakata tena. Aprili wakakata, Mei wakakata, mpaka Agosti hii, mara 6, kila mara kama 27,000, jumla inafika 162,000. Nimewaandikia mara 4, jibu ni lile lile, hawaoni usajili wowote ulio hai kwangu. Benki nao wanasema nijaze fomu ya kupinga malipo au nibadilishe kadi.

Ila kinachoniumiza ni nyumbani. Akaunti hiyo natumia na mke wangu, ana duka la vitenge Kilombero na hela za duka zinaingia humo. Machi nilimuonyesha ile imeili nikamwambia nimefunga. Sasa kila mwezi ananiuliza, "Kama umefunga, unamlipia nani?" Wiki iliyopita ameacha kuweka hela za duka. Anaamini kuna mtu namlipia. Mi nimeshaona hawa ni wezi, nataka nibadilishe kadi, nijaze fomu wanirudishie zote na niwaanike mtandaoni. Ila roho inasita. Nifanyeje?

Baba wa wawili, Sakina

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa kabla ya kuichapa, manake kabla sijaanza kuandika safu hii nilifanya kazi kitengo cha kadi benki miaka 11, na mtu mwenye imeili ya kusitisha mkononi huku hela inaendelea kukatwa nimekaa naye meza moja mara nyingi sana. Ndo maana nilikuomba taarifa ya benki, na uliponitumia ya kuanzia Machi nikakusumbua tena unitumie ya kuanzia Oktoba. Nashukuru uliniruhusu niyaandike hapa tuliyoongea, kuna wengine yatawafaa.

Tuanze na hiyo tarehe 19, mwenyewe umeiandika kama kitu cha kupita tu lakini jibu limelala hapo hapo. Huduma za kulipia kila mwezi hukata siku ile ile ya mwezi ambayo malipo ya kwanza yalifanyika. Ukilipa mara ya kwanza tarehe 4, watakuwa wanakata tarehe 4 kila mwezi, hawaruki ruki. Sasa chukua kalamu mbili za rangi tofauti kama nilivyofanya mimi, weka mstari chini ya kila makato yenye jina la hao watu. Makato ya kwanza kabisa ni tarehe 19 Oktoba. Halafu 4 Novemba. Halafu 19 Novemba, 4 Desemba, 19 Desemba, inaenda hivyo hivyo kwa zamu mpaka 4 Machi. Tarehe 10 Machi ukasitisha. Baada ya hapo tafuta tarehe 4 yoyote kwenye ile karatasi, Aprili, Mei, Juni, hakuna. Zimebaki za 19 peke yake.

Yaani kusitisha kwako kulifanya kazi, mwanangu. Kile ulichokifunga kilifungika. Kinachokukata ni kingine, na kilikuwepo hata kabla ya hicho ulichokifunga.

Najua utaniuliza mbona hukuona unakatwa mara mbili kwa mwezi muda wote huo. Mtu yeyote angepitwa. Bei ni ya dola lakini benki inakata shilingi, dola inapanda inashuka, na juu yake kuna makato ya benki kwa malipo ya nje, kwa hiyo mwezi mmoja utaona 26,700 na 27,350, mwezi mwingine namba nyingine kabisa, jicho haliwezi kukwambia hiki ni kitu kile kile kimejirudia. Halafu tarehe kwenye taarifa ya benki inaweza kuchelewa siku 1 mpaka 3 kama kuna wikiendi katikati, ile ya 19 Januari kwako imeandikwa tarehe 21. Na mwenyewe uliniambia ukiwa porini meseji za benki zinakaa siku 6 zinakuja kumwagika zote kwa pamoja ukifika Karatu.

Tulipofika hapo nilikuuliza kama uliwahi kujiunga kwa imeili nyingine, ukaniapia una Gmail moja tu tangu 2014. Nikakuomba utafute kwenye hiyo Gmail kwa maneno haya, ukiweka jina la huduma pale mwanzoni:

```
"jina la huduma" in:anywhere
```

Hayo maneno ya mwisho yanafanya Gmail itafute mpaka kwenye spamu na kwenye takataka. Ukapata risiti 5, zote za tarehe 4, Novemba mpaka Machi. Ya tarehe 19 hata moja hakuna. Hicho kwangu kilikuwa kithibitisho kikubwa kuliko hata taarifa ya benki, kwa sababu ukishalipishwa risiti hutumwa mahali fulani, na kama haiji kwako basi inaingia kwenye sanduku la imeili nyingine.

Ndipo nikakuuliza swali la tofauti kidogo, mara ya kwanza kabisa kufungua hii huduma ulikuwa kwenye kifaa gani. Ukanyamaza kidogo kwenye simu halafu ukasema, laptopu ya ofisi. Mwanzoni mwa Oktoba, mnasubiri wageni wa mchana, ukabonyeza kile kitufe kilichoandikwa *Continue with Google*, ukaweka kadi kwa ajili ya majaribio ya bure ya siku 14, ukasema nitaangalia baadaye. Hukuandika imeili yoyote, ndo maana akilini mwako imeili nyingine haipo. Lakini ile laptopu ilikuwa imeingia Google kwa imeili ya kampuni, ile yenye jina lako mbele na jina la kampuni nyuma, na hicho kitufe huchukua imeili yoyote inayoikuta imefunguliwa pale. Hesabu sasa: tarehe 5 Oktoba jumlisha siku 14 unapata 19. Majaribio yakaisha, yakageuka malipo yenyewe bila kukuuliza tena.

Kisha Novemba ukiwa Seronera ukaweka apu kwenye simu, ukaingia kwa Gmail yako, ukakuta hakuna picha hata moja ya zile ulizopandisha ofisini, ukadhani ni mtandao, ukalipia upya. Siku ile albamu kuwa tupu ndiyo ilikuwa dalili, ulikuwa umeingia kwenye nyumba nyingine. Wala sikulaumu.

Sasa kuhusu kuwaita wezi. Nakuomba tu uliangalie hili neno tena kabla hujaliweka mtandaoni. Wewe unaandika kwa Gmail yako, dada au kaka wa huduma kwa wateja anachukua hiyo Gmail anaipachika kwenye mtambo wake, inamletea akaunti moja iliyositishwa 10 Machi, anakujibu hakuna usajili ulio hai. Hajadanganya. Kwenye mifumo hii imeili ndiyo jina la mteja, kadi ni kitu kimeambatanishwa tu, kadi moja inaweza kulipia akaunti 3 na mtambo usione ajabu, kuna wazazi wanalipia watoto, kuna maofisi. Nina malalamiko nao pia, mtu akiandika mara 4 na kila mara anataja tarehe ile ile, mtu wa upande wa pili angeweza kufikiria kumtafuta kwa kadi. Hawakufanya hivyo na hilo limekugharimu miezi. Ila uzembe na wizi siyo kitu kimoja.

Hayo uliyotaka kufanya nayapitia moja moja, siyo kukukataza.

Kubadilisha kadi. Watu wengi wanadhani kadi mpya ina maana malipo ya zamani yamekufa. Siyo lazima. Visa na Mastercard wana utaratibu wa kupeleka namba mpya ya kadi kwa wafanyabiashara wenye malipo ya kujirudia, ili mteja aliyepata kadi mpya asikatiwe huduma, na kama benki yako imejiunga nao unaweza kushangaa tarehe 19 kadi mpya kabisa inakatwa. Nimeshuhudia mtu amebadilisha kadi mara 2 anarudi analia. Kwa hiyo ukienda benki usiombe kadi mpya tu, uliza wazi wazi kama wanaweza kuzuia malipo ya huyo mfanyabiashara mmoja, baadhi ya benki wanaweza. Na hata wakizuia, akaunti kule itabaki hai inadai, watajaribu kukata tena na tena kwa siku kadhaa kabla ya kukata tamaa, na picha zako zimo humo humo.

Fomu ya kupinga malipo. Hii najua wewe ndo unaitegemea, na mi ndo nilikuwa nazishughulikia, kwa hiyo naongea kwa uzoefu. Kuna sababu maalum kwa ajili ya malipo ya kujirudia ambayo mteja alishayasitisha, kwa Visa ni namba 13.2, na ushahidi unaotakiwa ni ile imeili ya kusitisha. Tatizo ni kwamba imeili yako inahusu akaunti ya tarehe 4. Hela unayoipinga ni ya akaunti ya tarehe 19. Kampuni ikipelekewa hilo dai wataangalia, wataleta kumbukumbu kwamba akaunti hii ilifunguliwa Oktoba, kadi ile ile, jina lile lile, haijawahi kusitishwa, na hapo dai linaanguka hata kama wewe uliandika kwa moyo safi. Tena zamani ulikuwa hujui, sasa unajua, na ukiandika "nilishasitisha" ukijua ni akaunti nyingine, hilo ni jambo ambalo dhamiri yako lazima iliangalie. Muda nao ni mdogo, kwa kawaida Visa wanatoa siku 120 tangu malipo yapite, kwa hiyo ya Machi na Aprili zimeshatoka nje, umebaki na 4 tu. Na kampuni nyingine zikipelekewa dai zinafunga akaunti zote za huyo mtu, pamoja na vilivyomo.

Njia ya tatu hukuitaja kwenye barua, nadhani kwa sababu hukujua, na sasa unajua na hutaki hata kuisikia. Kurudi kwenye kampuni ya zamani. Ile imeili ya ofisi inaweza kuwa ipo imefungwa tu, au imefutwa. Kama kampuni inatumia Google kwa imeili zake, msimamizi akifuta mtumiaji ana siku 20 za kumrudisha, wewe umeondoka Januari kwa hiyo kama waliifuta kipindi hicho, yaliyokuwa ndani yameshaenda. Lakini hata hivyo anaweza kuelekeza barua zinazokuja kwenye anwani ile ziende kwa mtu mwingine, na hiyo inatosha kupokea imeili ya kubadilisha paswedi. Uzuri ni kwamba hili siyo lazima liwe la bosi, uliniambia yule dada wa uhasibu ndiye anayeshughulikia imeili za ofisi na mnasalimiana mkikutana sokoni. Ubaya wake nao upo. Ukiomba, unawaambia kwamba kuna akaunti yenye imeili yao na ndani kuna picha za wageni wao, mkiwa hamjamalizana kuhusu posho, na bosi mwenye hasira anaweza kusema hiyo ni mali ya kampuni. Wewe ndo unamjua, mi simjui. Fikiria pia kama hizo picha za Oktoba unazihitaji kweli au nakala unazo kwenye kadi ya kamera.

Njia ya nne haipiti kwa bosi hata kidogo, ila inataka subira. Unawaandikia watu wa huduma kwa mara ya 5, lakini safari hii usiwaambie wewe ni nani, waambie hela ni ipi. Mwanzo kabisa wa barua useme unaamini kuna akaunti ya pili kwa imeili tofauti na unaomba watafute kwa malipo. Wape tarakimu 4 za mwisho za kadi, tarehe ya makato, na kiasi kwa dola, 9.99, siyo shilingi, manake upande wao hiyo 27,000 haipo popote, ni benki yako ndo imebadilisha, na nahisi barua zako za mwanzo zilikwama hapo pia. Ongeza namba ya muamala, benki wanakupa ukiomba. Wape na ile anwani ya ofisi kama unaikumbuka herufi kwa herufi. Namba nzima ya kadi usitume kamwe, wala zile tarakimu 3 za nyuma, mtu wa huduma wa kweli hazihitaji.

Wanaweza kukataa kukutajia imeili ya hiyo akaunti, na hapo usikasirike, hawajui kama wewe ndiye mwenyewe. Omba kitu kidogo zaidi: wasimamishe malipo yote yanayokatwa kwenye kadi yenye tarakimu hizo, na uthibitisho wautume kwenye Gmail yako. Kuhusu kurudishiwa, waombe waangalie mara ya mwisho mtu kuingia kwenye ile akaunti. Kama ni Januari, basi wamechukua hela ya miezi 7, Februari mpaka Agosti, kwa kitu ambacho hakuna aliyekigusa, na hiyo ni hoja ya nguvu kuliko matusi. Hawalazimiki kurudisha zote, wengine wanatoa mwezi mmoja au miwili, wengine hawatoi. Wakikataa kata kata ndo ile fomu ya benki inaweza kurudi mezani, lakini hapo utakuwa na barua inayoonyesha uliomba isimamishwe, na makato yoyote ya baada ya hapo utayapinga kwa ukweli mtupu.

Nimeandika sana kuhusu hela, sasa mke wako.

Umeniandikia swali lake kama tusi. Hebu lisome tena pole pole. Mtu ameonyeshwa imeili kwamba imefungwa, halafu miezi 6 anaona hela inatoka, na hela nyingine ni yake ya kusimama Kilombero kutwa nzima. Kuna swali gani lingine angeuliza? Kwamba anauliza "nani" na siyo "nini" inawezekana kuna vidonda vingine ambavyo hukuniandikia, sivijui na sitabahatisha. Lakini ujue kwenye hilo la hela aliona sawa, kweli kulikuwa na akaunti nyingine, na wewe ulikuwa unamwambia haipo. Hukudanganya, ulikuwa hujui. Kwake yeye hizo mbili zilikuwa zinafanana.

Ningekuwa karibu ningewakalisha wote wawili na ile karatasi yenye rangi mbili, ila sipo, kwa hiyo ni wewe. Usianze na maelezo ya Google na vitufe, atachoka. Mpe kalamu aweke mistari mwenyewe, aone tarehe 4 zinakoma Machi na 19 zinaendelea, aone 19 ya kwanza ni Oktoba, siku ambazo ulikuwa bado kazini na nyumbani hakukuwa na ugomvi. Hapo swali lake la unamlipia nani unaweza kulijibu, ulikuwa unajilipia mwenyewe mara mbili. Anaweza asikubali siku hiyo hiyo. Kuna wanawake wanahitaji kuona mwezi mmoja upite kimya ndo waamini, na hela za duka anaweza kuchelewa kuzirudisha hata baada ya hapo. Kama ataona ni heri duka liwe na akaunti yake, usilichukue kama adhabu, mzungumze, pengine hata bila hili la kadi lilikuwa wazo lake.

Leo ni mwanzo wa Septemba na tarehe 19 inakuja. Utakachochagua, kiwe kimefika kwa wahusika siku kadhaa kabla, manake watu wa huduma wanajibu kwa siku 2 au 3. Halafu usiangalie simu tarehe 19 asubuhi ukashangilia, subiri mpaka 23, hizo ndo siku ambazo makato yanaweza kuchelewa kuingia. Ikifika 23 na mstari haupo, chapa taarifa fupi ya wiki hiyo umwachie mezani. Ukiona mstari upo, niandikie siku hiyo hiyo na unitajie tarehe na dola, nitajua pa kuanzia.

Shangazi